Mtoto Akipotea Kwenye Mkutano wa Ibada: Wahudumu Wafanye Nini?

Kila mwaka mwezi wa Oktoba, waumini Wakatoliki kutoka pembe zote za nchi hukusanyika Subukia, Kaunti ya Nakuru, kwa siku ya maombi ya kitaifa. Wengi hupanda kilima kuteka maji ya chemchemi, wakiwa na watoto na mitungi. Mahali kama hapo, mtoto huweza kupotea mara tu mzazi anapoinama kujaza maji. Hatua zinazofuata zinawahusu wahudumu na wasimamizi wa mikutano yote ya nje, iwe ni misa, krusedi au Maulidi.

Tuseme mhudumu amemkuta msichana wa miaka minne akilia karibu na vyoo. Kwanza achutame ili macho yao yawe sawa, kisha amuulize jina lake na amekuja na nani. Asimwondoe hapo mara moja, kwa sababu mzazi aliyempoteza mtoto hurudi kwanza mahali alipomwona mwisho. Amwite mhudumu wa pili, na wote wasubiri hapo kama dakika kumi. Mzazi asipotokea, wampeleke pamoja kwenye hema la watoto. Mtu mmoja asitembee na mtoto peke yake, wala mtoto asiingizwe kwenye gari la mtu.

Kosa la kawaida hutokea kwenye kipaza sauti. Mtangazaji akisema, "Tuna msichana anayeitwa fulani, amevaa sweta nyekundu," basi kila anayesikia amepata majibu ya kumdai mtoto huyo. Tangazo linalofaa ni fupi: "Mzazi asiyemwona mtoto wake afike kwenye hema la watoto."

Anayekuja kumdai aulizwe maswali kabla ya kumwona mtoto: jina, umri, nguo alizovaa na alama yoyote mwilini. Kisha aonyeshe kitambulisho, nambari iandikwe daftarini pamoja na simu na saa, naye atie sahihi. Wahudumu wamtazame mtoto pia. Akijificha au akikataa kwenda, au majibu yakikosa kulingana, asikabidhiwe mtu hadi polisi wafike. Mkutano ukiisha bila mzazi kupatikana, mtoto asilale nyumbani kwa mhudumu wala kwa kiongozi wa dini, hata kwa nia njema. Polisi waandike kwenye kitabu cha matukio na afisa wa watoto ajulishwe. Simu ya watoto, 116, hupigwa bila malipo.

Mzazi naye akija kuripoti, wahudumu waandike maelezo yake na kuyapeleka upesi kwa wasimamizi wa malango kwa simu, si kwa kipaza sauti. Utafutaji uanzie kwenye maji, barabara na maegesho ya magari, kwa kuwa hatari kubwa zaidi ziko huko.

Dharura nyingine huja kimya. Katika maombi, mtu anapoanguka, wengi hudhani ni hali ya kiroho na kumwacha. Mhudumu amguse bega na kumwita. Akijibu na kupumua vizuri, aachwe na aangaliwe. Asipojibu lakini anapumua, alazwe ubavu na wahudumu wa huduma ya kwanza waitwe. Anayetetemeka kwa kifafa asishikwe kwa nguvu wala asitiwe kitu mdomoni. Vitu vya kumuumiza viondolewe, na saa itazamwe: mtetemeko ukizidi dakika tano, ambulensi iitwe.

Msongamano pia una dalili. Watu wakianza kuyumba pamoja kama mawimbi, au wakishindwa kuinua mikono hadi usoni, wamebanwa kupita kiasi. Wanaokufa katika hali hiyo mara nyingi hukosa nafasi ya kifua kupanuka, hata wakiwa wamesimama. Walio mbele hawawezi kurudi nyuma, kwa hivyo msaada huanzia nyuma. Wasimamizi wawazuie wanaoendelea kuingia, wawarudishe nyuma wa mwisho, kisha wafungue njia za pembeni. Kiongozi aliye jukwaani asimamishe ibada na kueleza kwa sauti tulivu watu waelekee wapi. Neno "kimbieni" lisitumike.

Kwa dharura, nambari za simu ni 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Anayepiga ataje lango la karibu zaidi, na msimamizi mmoja asimame hapo kuielekeza ambulensi.

Wazazi nao waandike nambari yao ya simu kwenye karatasi na kuitia mfukoni mwa mtoto kabla ya kutoka nyumbani. Mtoto wa miaka minne anaweza kujua jina la mama yake kuwa ni "Mama" tu.