Mistari mitatu na dola ya Nairobi

Mwanzoni mwa 2023 dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa Nairobi kwa takriban shilingi 123. Mwaka ulipokwisha bei ilikuwa imepita 156, na haikupanda kwa vishindo: senti kadhaa leo, senti kadhaa kesho, wiki baada ya wiki. Januari 2024 ikagusa 160. Februari serikali ya Kenya ikauza nje hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu kubwa ya deni la bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni. Hofu ya kwamba nchi ingeshindwa kulipa ikapungua, na dola ikaporomoka hadi karibu 131 mwishoni mwa Machi. Kuanzia katikati ya mwaka ikatulia kwenye 129, ikabaki hapo kana kwamba imefungwa kamba.

Hayo ni masoko matatu ndani ya soko moja: linalopanda taratibu, linaloanguka kwa kasi, na linalozunguka palepale. Wafanyabiashara wa fedha huyaita mawili ya kwanza trendi na la tatu renji, na tofauti hiyo ina gharama. Kwenye trendi, anayenunua kila bei inapoegemea juu anakwenda na mkondo. Kwenye renji, mtu huyohuyo ananunua darini na kuuza sakafuni siku baada ya siku, hadi mtaji unaliwa kidogokidogo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei itakwenda wapi, kuna swali la awali: je, soko hili linakwenda kokote?

Kipimo kinachotumika zaidi kujibu swali hilo kilibuniwa na Mmarekani J. Welles Wilder, mhandisi wa mitambo aliyehamia kwenye biashara ya bidhaa za mikataba. Alikichapisha mwaka 1978, katika kitabu kilekile kilicholeta RSI na ATR. Kwenye chati kinaonekana kama mistari mitatu chini ya bei: `+DI`, `-DI` na `ADX`. Miwili ya kwanza inasema nani ana nguvu, wa tatu unasema tofauti ya nguvu zao ni kubwa kiasi gani.

Hesabu inaanza na jambo dogo sana. Chukua siku mbili zinazofuatana. Tuseme jana bei ya juu kabisa ilikuwa 130.0, ya chini kabisa 128.0, na soko likafunga kwenye 129.0. Leo imefika 131.5 juu na 128.4 chini. Wilder anauliza: leo imechungulia kiasi gani nje ya uwanja wa jana? Kwa juu imevuka kwa 1.5. Kwa chini haikuvuka kabisa. Basi leo wanunuzi wanapata 1.5 na wauzaji sifuri. Kesho yake tuseme bei inafika 132.0 juu na kushuka hadi 127.6. Sasa imevuka pande zote mbili, 0.5 kwa juu na 0.8 kwa chini. Wilder hagawi alama. Upande uliovuka zaidi unachukua kiasi chake chote, yaani wauzaji 0.8, na mwingine unatoka mikono mitupu. Na kama siku nzima imekaa ndani ya uwanja wa siku iliyotangulia, hakuna anayepata kitu.

Alama hizo hazina maana peke yake, kwa sababu 1.5 ni nyingi kwenye soko tulivu na ni kidogo kwenye soko lenye fujo. Ndiyo maana zinagawanywa kwa mwendo wa kweli wa siku, TR, ambao ni umbali mkubwa kuliko yote kati ya hii mitatu: juu hadi chini ya leo, juu ya leo hadi pale jana ilipofunga, au chini ya leo hadi pale jana ilipofunga. Katika siku yetu ya kwanza ni 3.1, kutoka 128.4 hadi 131.5. Alama na mwendo hulainishwa kwa siku 14, kisha:

```
+DI = 100 × (+DM14 / TR14)
-DI = 100 × (-DM14 / TR14)
DX  = 100 × |(+DI) - (-DI)| / ((+DI) + (-DI))
ADX = wastani wa DX kwa siku 14
```

Tazama mstari wa tatu wa hesabu hiyo. Tofauti ya wanunuzi na wauzaji imefungwa ndani ya vistari viwili vilivyosimama, maana yake alama ya kutoa imetupwa. Hapo ndipo wengi hujikwaa. `ADX` ikipanda, mgeni hudhani bei inapanda. La hasha. Inapanda vilevile soko linapoanguka, mradi linaanguka kwa upande mmoja. Upande wenyewe unausoma kwenye mistari miwili ya kwanza: `+DI` ikiwa juu, wanunuzi wanatawala, `-DI` ikiwa juu, wauzaji.

Desturi iliyoenea ni kwamba `ADX` chini ya 20 ni renji, juu ya 25 ni trendi, na katikati ni mahali pa kusubiri. Namba hizi ni desturi, hazikutoka kwenye sheria ya maumbile. Binafsi natazama zaidi mstari unaelekea wapi. `ADX` inayopanda kutoka 15 hadi 22 inanieleza mengi kuliko ile inayoteremka kutoka 40 hadi 30, ingawa ya pili iko juu ya kizingiti.

Sasa turudi Nairobi, kwa sababu mwaka 2024 ulikuwa na funzo ambalo vitabu vingi vya uchambuzi huligusa juujuu. Tutumie mfano wa namba za mviringo zenye umbo la kilichotokea. Dola inapanda senti 10 kila siku kwa miezi mingi, kisha inageuka ghafla na kushuka shilingi nzima kila siku. Tuseme tunatumia bei moja tu kwa siku, kama ile ya wastani inayotangazwa na Benki Kuu.

Katika miezi ya kupanda, kila senti ya mwendo ni ya wanunuzi. `+DI` ni 100, `-DI` ni sifuri, na `ADX` imeganda kwenye 100. Siku ya kwanza ya kugeuka, `+DI` inaanguka hadi 56 na ushei huku `-DI` ikiruka hadi 43 na ushei. Siku ya pili tayari zimepishana: wauzaji 61, wanunuzi 38. Mistari miwili ya nguvu imegundua mgeuko ndani ya siku mbili. Na `ADX` je? Siku ya kwanza inashuka hadi 94, ya pili 89, ya tatu 85, ya tano 82. Inaendelea kuteremka hadi siku ya nane, inapofika karibu 80, ndipo inaanza kujikusanya tena. Kwa siku nane soko limeanguka shilingi nane, na muda wote huo kipimo cha trendi kinasema trendi inafifia.

Hakikosei, kinasema kweli ya jambo jingine. Ili uongozi uhame kutoka kwa wanunuzi kwenda kwa wauzaji, lazima tofauti yao ipungue kwanza ndipo ikue upya upande wa pili. `ADX` ni wastani wa tofauti hiyo, kwa hiyo haina budi kushuka kila soko linapogeuka kwa kishindo. Isitoshe, imelainishwa mara mbili: kwanza alama, kisha `DX`. Aliyesubiri `ADX` ianze kupanda ndipo aamini kwamba dola inaanguka, aliikuta imeshaanguka sana. Kwa mgeuko, soma `+DI` na `-DI`. `ADX` ni ya kukuambia kama mwendo ulioanza umepata mashiko.

Kupishana kwa mistari hiyo nako si kwa kuaminiwa upofu, kwa sababu ndani ya renji hupishana kila baada ya siku chache. Wilder alilijua hilo na akaweka kanuni: mistari ikipishana, andika bei ya juu kabisa au ya chini kabisa ya siku hiyo, kwa upande wa mwendo mpya, na usiingie mpaka soko liivuke. Mara nyingi haivuki, na mistari inarudiana kama haikutengana.

Kosa la pili ni la kina zaidi, na dola ya 2023 inalionyesha vizuri. Katika mfano wetu `ADX` ilikuwa 100 wakati bei inapanda senti 10 kwa siku. Ingekuwa inapanda shilingi moja kwa siku, ingekuwa 100 vilevile. Hata senti moja kwa siku, 100. Kipimo hiki ni uwiano, kinapima mwendo umeelemea upande mmoja kiasi gani, si umekwenda umbali gani. Soko linalosukumwa polepole na kwa utaratibu litaonekana kuwa na trendi kali kuliko soko huru lenye msisimko mara kumi zaidi.

Kuna la ajabu zaidi. Bei ya siku ikibaki palepale bila kuhama hata senti, alama za siku ni sifuri na mwendo wa kweli ni sifuri. Vigawanyo na vigawanywa vyote vinapungua kwa kiwango kilekile, kwa hiyo `+DI` na `-DI` hazibadiliki hata kidogo. Soko limekufa, lakini chati bado inaonyesha nguvu ya siku ile ya mwisho iliyokuwa na uhai. Mtu anayeweka kipimo hiki juu ya bei ya 129 iliyotulia anaweza kuona `ADX` ya juu na kudhani kuna safari, kumbe anaona kivuli.

Dawa ya yote mawili ni nyepesi. Kwanza, tumia bei za biashara halisi zenye juu, chini na ya kufungia, maana kwenye bei moja ya wastani ule mvutano wa ndani ya siku umeshafutwa. Pili, weka `ATR` kando ya `ADX`. Hiyo ni wastani wa mwendo wa kweli ule ule, lakini haugawanywi kwa kitu, hivyo inasomeka kwa shilingi na senti. `ADX` ikiwa 40 na `ATR` ni senti 5, trendi ipo lakini haitoshi kulipia hata tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza kwenye duka la fedha. Tatu, hakikisha chati ina siku za kutosha nyuma. `ADX` ya siku 14 inahitaji takriban siku 28 kutoa namba yake ya kwanza, na kwa kuwa ulainishaji wa Wilder hubeba kumbukumbu ndefu, chati mbili zilizoanza tarehe tofauti hutoa namba tofauti kwa siku ileile hadi zipite siku mia na zaidi. Ukiona programu mbili zinabishana, hesabu kwanza kila moja imelishwa siku ngapi.