Sukari ya Asubuhi na Pumzi Inayokatika Usingizini

Sukari inayopimwa asubuhi kabla ya kula haitoki moja kwa moja kwenye chakula cha jana. Mlo wa saa mbili usiku huwa umekwisha kufyonzwa kabla ya alfajiri, na glukosi inayokutwa kwenye damu saa kumi na mbili asubuhi kwa sehemu kubwa imetengenezwa na ini usiku kucha ili ubongo usikose nishati. Ndiyo maana mtu mwenye kisukari anaweza kupunguza ugali wa jioni, hata kulala bila kula, na bado akakuta kipimo cha kidole kinasoma 9. Tatizo haliko kwenye sahani. Liko kwenye ini, na kinacholichochea ini mara nyingi ni namna alivyolala.

Kwa kawaida kongosho hutoa insulini kidogo kidogo usiku, na insulini hiyo hulizuia ini lisimwage sukari kupita kiasi. Kuanzia mnamo saa tisa za usiku mwili huanza kujiandaa kuamka: homoni ya kotisoli hupanda, na ini huongeza sukari. Kwa mtu mzima wa afya kongosho huongeza insulini kidogo na kipimo hakitikisiki. Kwa mwenye ukinzani wa insulini, yaani yule ambaye ini lake, misuli yake na mafuta yake hayaitikii homoni hiyo ipasavyo, ongezeko hilo la alfajiri hukosa mzuiaji. Sukari huamka kabla yake.

Kwamba usingizi mbovu wenyewe huleta ukinzani huo kulionyeshwa wazi mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Chicago. Vijana 11 wa kiume, wote wazima, waliruhusiwa kulala saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo, kisha wakapewa siku za kulipa deni la usingizi. Walipodungwa glukosi kwenye mshipa wakati wa deni, damu yao iliiondoa kwa kasi iliyokuwa pungufu kwa asilimia 40 ikilinganishwa na walipokuwa wameshalala vya kutosha. Chakula chao hakikuwa sababu. Kilichobadilishwa ni usingizi.

Mwaka 2008 watafiti wa chuo hichohicho walikwenda mbali zaidi. Watu 9 waliachwa walale saa zao zote, lakini kila walipozama kwenye usingizi mzito walipigiwa sauti iliyowarudisha kwenye usingizi mwepesi bila kuwaamsha kabisa. Baada ya usiku 3 tu, uwezo wa miili yao kuitikia insulini ulishuka kwa takriban asilimia 25. Jaribio hili linastahili kukumbukwa kuliko lile la kwanza, kwa sababu linawahusu watu wanaosema kwa dhati kwamba wanalala saa 8. Saa zinaweza kutimia na usingizi usitimie.

Sauti za maabara zilifanya kwa makusudi kile ambacho ugonjwa wa kukatika kwa pumzi usingizini hufanya kila usiku. Mtu anapolala, misuli inayoshikilia koo wazi hulegea. Kwa mwenye koo jembamba, ulimi mnene au mafuta mengi shingoni, ulimi na kaakaa laini huangukia nyuma na kuziba njia ya hewa. Kifua kinaendelea kuvuta, lakini hewa haipiti. Zikipita sekunde 10 au zaidi, tukio hilo huhesabiwa. Oksijeni kwenye damu hushuka, pengine chini ya asilimia 90, na kwa wagonjwa sana hadi chini ya 80, mpaka ubongo unaposhtuka kwa sekunde chache, koo linafunguka kwa mkoromo mkali, na mtu anarudi usingizini bila kujua lolote. Matukio 5 hadi 15 kwa saa huitwa ugonjwa mwepesi, 15 hadi 30 wa wastani, na zaidi ya 30 mkali. Mwenye matukio 30 kwa saa akilala saa 7 hushtuka zaidi ya mara 200, na asubuhi atasema alilala fofofo.

Kila mshtuko huamsha mishipa ya fahamu ya tahadhari na kumwaga adrenalini. Adrenalini huliamuru ini litoe sukari na huyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa mwilini. Mafuta hayo yakijaa kwenye damu, misuli huyachoma na kuikataa glukosi. Kupungua kwa oksijeni nako kuna madhara yake, mbali na kukatika kwa usingizi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, watu wazima wa afya walipumua hewa iliyopungua oksijeni na kurudi kawaida mara kwa mara kwa saa 5 wakiwa macho, na uwezo wao wa kuitikia insulini ukashuka kwa takriban asilimia 17. Waliokuwa macho hawakupoteza hata dakika moja ya usingizi.

Suala la saa ndilo linaloeleza kwa nini ni asubuhi hasa. Usingizi wa ndoto, ambao macho huchezacheza chini ya kope, huwa mfupi mwanzoni mwa usiku na mrefu kuelekea alfajiri. Katika hatua hiyo misuli mingi ya mwili hulegea kabisa, isipokuwa ile ya kuvutia pumzi, kwa hiyo koo huziba kwa urahisi zaidi, kwa muda mrefu zaidi, na oksijeni hushuka zaidi. Maana yake ni kwamba sehemu mbaya kabisa ya ugonjwa huangukia saa zilezile ambazo kotisoli inapanda na ini linafungua ghala. Watafiti wa Chicago waliripoti mwaka 2014 kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya pili, matukio ya kukatika kwa pumzi katika usingizi wa ndoto ndiyo yaliyokwenda sambamba na kipimo cha sukari cha miezi mitatu; yale ya hatua nyingine za usingizi hayakuonyesha uhusiano huo.

Chukua mfano wa kubuni wa dereva wa lori wa miaka 52, mwenye kisukari kwa miaka 4, anayemeza metformini. Sukari yake ya asubuhi haishuki chini ya 9. Ameacha wali usiku, bila mafanikio, na daktari anafikiria kuongeza dawa. Kwanza anaambiwa apime mara 3 kwa usiku kadhaa: anapolala, saa tisa usiku na anapoamka. Majibu yanakuja 7.6, 7.4 na 9.5. Kama angelala na 11 na kuamka na 11, lawama ingekuwa ya mlo wa jioni au dawa isiyotosha. Kama ya saa tisa ingekuwa chini ya 4, hasa kwa anayetumia insulini au glibenklamidi, dawa ingekuwa imezidi, na kuongeza nyingine kungekuwa hatari. Yake ni tulivu hadi saa tisa, kisha inapanda. Mpangilio huu peke yake hauthibitishi ugonjwa wa pumzi, kwa kuwa wenye kisukari wengi hupanda alfajiri bila kukoroma.

Mke wake ndiye anayekamilisha picha: anakoroma hadi chumba cha pili, kisha ananyamaza kimya, kisha anashtuka kama aliyepaliwa. Kola yake ya shati ni zaidi ya sentimita 43. Shinikizo lake la damu halitulii kwa dawa 2. Anasinzia kwenye foleni. Na huamka kukojoa mara 3 kila usiku, jambo ambalo yeye mwenyewe alilihesabu kuwa ni la sukari. Hapo kuna kosa linalorudiwa sana. Figo kwa kawaida huanza kumwaga sukari kwenye mkojo, na maji pamoja nayo, damu inapofika karibu na 10. Mtu mwenye 7.4 usiku hana sababu hiyo. Kuvuta pumzi dhidi ya koo lililoziba hutanua vyumba vya moyo, na moyo uliotanuka hutoa homoni inayoziagiza figo zitoe maji.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Mtu hulala na kifaa kidoleni kinachosoma oksijeni, mrija mwembamba puani na mkanda kifuani. Vifaa vingine hupelekwa nyumbani. Kwake yanapatikana matukio 34 kwa saa. Anapewa mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago na kulizuia koo lisijikunje, tiba iliyobuniwa Sydney na daktari Colin Sullivan na kuchapishwa mwaka 1981. Mwezi mmoja baadaye usingizi wa mchana umepungua, lakini sukari ya asubuhi iko palepale. Kumbukumbu ya mashine inaonyesha kwamba anaivaa saa nne usiku na kuivua saa nane.

Saa 4 kwa usiku zimezoeleka kuhesabiwa kuwa matumizi ya kutosha, na bima nchini Marekani hukitumia kiwango hicho. Kwa sukari hazitoshi. Zinafunika mwanzo wa usiku na kuacha zaidi ya nusu ya usingizi wa ndoto bila kinga. Jaribio la Oxford la mwaka 2007 lililowapa wanaume 42 wenye kisukari mashine kwa miezi 3 halikuona tofauti ya sukari, na wastani wa kuivaa haukufika saa 4. Mwaka 2015 watu waliokaribia kisukari walipolala maabara kwa wiki 2, saa 8 za usiku zikiwa chini ya mashine, mwitikio wao wa glukosi uliboreka. Hata hivyo lipo jaribio kubwa la mwaka 2016 ambalo washiriki walivaa karibu saa 5, na sukari ya miezi mitatu haikushuka. Kwa hiyo mashine ni tiba ya pumzi, na pengine msaada kwa sukari ikivaliwa hadi asubuhi. Anayeiuza kama dawa ya kisukari anadanganya.

Dereva akianza kuvaa hadi saa kumi na mbili, kutarajia 9.5 ishuke kuelekea 8.5 si ndoto; kutarajia 5 ni ndoto. Kinachobaki ni kazi ya dawa, mlo na uzito. Uzito una nafasi ya pekee kwa kuwa unagusa magonjwa yote mawili: katika utafiti mrefu wa jimbo la Wisconsin, kupungua kwa asilimia 10 ya uzito kulikwenda pamoja na kupungua kwa matukio kwa takriban robo. Mahali ambapo mashine haipatikani, kulala ubavu badala ya chali husaidia wengi wenye ugonjwa mwepesi, na pombe au vidonge vya usingizi karibu na kulala huharibu, kwa sababu hulegeza koo lilelile.

Mgonjwa ambaye sukari yake ya asubuhi inakataa kushuka, basi, na aje kliniki na vitu viwili: vipimo vya saa tisa usiku, na mtu anayelala naye chumba kimoja. Daktari naye awasikilize wote wawili kabla ya kuandika dawa nyingine.