Bomba la mserereko lipimwe kwenye kilula cha mwisho

Mradi wa maji ya mserereko unapozinduliwa kijijini, mgeni rasmi hufungua koki moja, maji huruka, vigelegele hupigwa, na mradi huhesabiwa kuwa umefaulu. Kwa upande wa sayansi, jaribio hilo halipimi karibu chochote. Koki moja ikifunguliwa peke yake, hata bomba jembamba kupita kiasi hutoa maji kwa nguvu, kwa kuwa maji machache yanayopita ndani yake hayapotezi nguvu nyingi kwa msuguano. Mtihani wenyewe huja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vilula vyote vikiwa wazi kwa pamoja na foleni ya ndoo ikiwa ndefu. Hapo ndipo kilula kilicho mbali zaidi, na mara nyingi kilicho juu kuliko vingine, hukauka. Lawama hutupiwa chemchemi, eti imepungua. Mara nyingi chemchemi haina kosa; kosa limo kwenye hesabu, na hesabu hiyo ilipaswa kuanzia kwenye kilula hicho cha mwisho na kupanda kuelekea mlimani.

Tuchukue kijiji cha mfano chenye watu 1,000, kwenye miteremko kama ya Usambara au Uluguru. Msanifu anakadiria kwamba baada ya miaka 20 watafika 1,800. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu apate lita 25 kwa siku, kituo kimoja kihudumie watu 250, na mchotaji asitembee zaidi ya mita 400. Hiyo ni lita 45,000 kwa siku, na tukiongeza sehemu ya tano kwa ajili ya mivujo zinakuwa 54,000. Vilula vinakuwa vinane. Chemchemi nayo hupimwa kwa ndoo ya lita 20 na saa: maji yote yaelekezwe kwenye kipande cha bomba, ndoo itegwe, sekunde zihesabiwe, na zoezi lirudiwe mara kadhaa. Kipimo kinachofaa ni cha mwisho wa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijaanza. Ndoo inayojaa kwa sekunde 10 wakati wa masika haimsaidii msanifu kitu. Tuseme mwisho wa kiangazi inajaa kwa sekunde 29, yaani lita 0.7 kwa sekunde. Kwa siku nzima hizo ni zaidi kidogo ya lita 60,000, kwa hiyo maji yanatosha.

Yanatosha kwa siku, lakini si kwa saa. Watu hawachoti usiku wa manane. Huja asubuhi na jioni. Kila kilula kikitoa lita 0.2 kwa sekunde, kiasi cha kujaza ndoo kwa sekunde 100, vilula vinane kwa pamoja vinadai lita 1.6, zaidi ya mara mbili ya kile chemchemi inachotoa. Ndiyo maana ya tenki. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri chemchemi hutoa karibu lita 23,000, na tenki la lita 25,000 linazipokea zote. Wako wanaouliza kwa nini kijiji chenye chemchemi isiyokauka kigharimie tenki. Jibu ni kwamba pasipo tenki, maji ya usiku hufurika na kurudi kijitoni. Tenki pia linaligawa bomba katika sehemu mbili zenye kazi tofauti. Bomba la kutoka kwenye chemchemi hubeba lita 0.7 tu, kwa hiyo laweza kuwa jembamba, bali la kwenda kwenye vilula lazima libebe lita 1.6. Basi tenki lijengwe karibu na kijiji kadiri mwinuko unavyoruhusu, ili bomba nene, lenye bei, liwe fupi.

Sasa twende kwenye kilula cha mwisho. Kiko kwenye kilima ng'ambo ya bonde, kilomita mbili kutoka kwenye tenki na mita 20 tu chini ya usawa wake. Mita hizo 20 ndizo nguvu yote iliyopo, na kila mita ya bomba inakula sehemu yake. Chukua bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50, linalobeba lita 1.6 kwa sekunde katika kilomita ya kwanza na nusu yake katika ya pili, baada ya vilula vinne kuchukua fungu lao. Msuguano utakula karibu mita 16 katika kilomita ya kwanza na mita nne na nusu katika ya pili. Jumla inapita 20, na kilula kinakauka. Ukibadilisha kilomita ya kwanza peke yake ikawa ya milimita 65, upotevu wake unashuka hadi mita nne na nusu, na kilula kinabaki na mita 11, ambazo zinatosha vizuri. Tofauti ya milimita 15 imepunguza msuguano hadi chini ya theluthi moja. Hapa tunakutana na imani iliyozoeleka kwamba bomba jembamba huongeza presha. Kidole kikiziba nusu ya mdomo wa mpira wa bustani, maji huruka mbali, lakini ule ni mdomo tu. Wembamba wa kilomita nzima hufanya kinyume chake.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: bomba nene ni ghali, na kijiji kinachangia kwa shida. Ni kweli, ila tazama kwamba hatukunenepesha kilomita zote mbili. Tena kilula kilichokauka kina gharama yake kwa afya. Waliokitegemea hurudi kijitoni. Na bomba linaloishiwa maji hupoteza presha, kisha kila ufa uliokuwa ukivujisha nje huanza kufyonza ndani maji ya tope yanayouzunguka, ambayo baadaye hunywewa hata na wale wa chini wasiowahi kukosa maji.

Bomba nene pekee halitoshi, hata hivyo. Kilula kilicho mita 45 chini ya tenki, kikiachwa na koki ileile, kitatoa karibu mara mbili ya kile cha mwisho na kuvuruga hesabu yote. Kwa hiyo kila tawi liwe na valvu ya kurekebisha, ifungwe taratibu hadi ndoo ijae kwa sekunde zilezile 100, kisha ifungiwe ndani ya kisanduku, kwa sababu valvu iliyo wazi kwa kila mkono haikai ilivyowekwa.

Kilula kikikauka baada ya hapo, muda wa kukauka hutaja chanzo. Kama tenki ni tupu asubuhi, tatizo liko juu ya tenki au kuna mvujo mkubwa wa usiku. Kama tenki limejaa, na kilula kinatoa maji usiku lakini si asubuhi, ni msuguano au valvu za chini zilizochezewa. Kisipotoa hata usiku vilula vingine vyote vikiwa vimefungwa, tafuta hewa iliyonaswa kwenye nundu ya bomba, mahali palipohitaji valvu ya hewa, au uchafu ulioziba.

Yote haya hugunduliwa kwa urahisi kabla mitaro haijafukiwa na mkandarasi hajalipwa fungu la mwisho. Vifunguliwe vilula vyote vinane kwa saa nzima, na ndoo itegwe kwenye kile cha kilimani. Ikizidi sekunde 100, hati ya makabidhiano isubiri.