Miguu Ilivimba Kabla ya Dawa Gani?

Mfano huu nimeutunga, ila hatua zake zinajulikana vizuri katika tiba. Mama wa miaka 58 anayeishi Umoja anatumwa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Ametibiwa kwenye kliniki tatu za mtaani, na daftari lake limejaa. Barua ya rufaa inasema: “Presha, miguu kuvimba, gauti, figo zimedhoofika. Anatumia amlodipini, furosemaidi, diklofenaki.”

Hakuna neno la uongo hapo. Lakini daktari akisoma presha, uvimbe na figo kwa mpigo, atashuku kwamba moyo au figo ndizo chanzo, na pengine ataongeza furosemaidi.

Daftari linasimulia mengine. Januari 2024 amlodipini ilipandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10. Aprili miguu ikavimba. Dawa hii hutanua mishipa midogo ya damu, maji yakavujia kwenye nyama za mguu, na kipimo kikubwa huzidisha hali hiyo. Kliniki ya pili ikampa furosemaidi ya kukojosha maji. Uvimbe wa aina hii haupungui sana kwa dawa hiyo, kwa kuwa tatizo si maji kuzidi mwilini. Furosemaidi nayo hupandisha asidi ya uriki, na Juni kidole gumba cha mguu kikawaka kwa gauti, mara ya kwanza maishani. Akapewa diklofenaki, akaimeza kila siku. Hiyo hupandisha presha na kupunguza damu inayofika kwenye figo. Agosti kreatinini ilikuwa 140. Januari ilikuwa 80.

Barua fupi ingeweza kubeba yote haya: “Amlodipini 5 hadi 10, Januari. Uvimbe Aprili. Furosemaidi Mei, haikusaidia. Gauti ya kwanza Juni, diklofenaki kila siku tangu hapo. Kreatinini 80 Januari, 140 Agosti.” Hapo daktari anaona pa kuanzia: kusimamisha diklofenaki, kurudisha amlodipini chini au kuibadilisha, kisha kuangalia kama uvimbe unaisha.

Angalia kwamba barua hiyo haikusema “kwa sababu ya”. Uvimbe kuja baada ya dawa hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyouleta. Moyo bado upimwe, na mkojo uchunguzwe kama una protini. Mwandishi akishaandika “uvimbe wa amlodipini” bila kupima, anayefuata huacha kutafuta. Tarehe ziandikwe zote, chanzo kiachwe kama shaka hadi kithibitishwe.

Ugumu ni kwamba wagonjwa wengi hawakumbuki mwezi. Kuuliza “ni lini?” hakusaidii sana. Muulize: “Mama, miguu ilivimba kabla ya yale mafuriko ya Aprili au baadaye? Ulikuwa umeshaanza tembe za kukojosha?” Asipokumbuka kabisa, iandikwe “mwezi haujulikani, ila kabla ya furosemaidi”.