Shule Inauza Nini? Barua ya Udhamini wa Maonesho ya Sayansi

Meneja wa tawi la kampuni katika mji wowote wa Tanzania hupokea barua za maombi mwaka mzima. Kuna za timu ya mtaa inayotaka jezi, za kwaya inayozindua albamu, za msikiti unaoezekwa upya. Barua ya shule inayoandaa maonesho ya sayansi huingia katika rundo hilohilo, na mara nyingi imeandikwa kwa sauti ileile: shule ina uhitaji, kampuni ina uwezo, tafadhali isaidie chochote.

Neno "chochote" ndilo linaloiponza. Meneja hana kasma ya kutoa chochote. Ana fungu dogo la matangazo ambalo ni lazima alitolee maelezo makao makuu. Barua inayomwambia kiasi, tarehe na kile ambacho kampuni itapata inampa maelezo hayo yakiwa tayari. Barua inayomweleza dhiki tu inamwachia kazi ya kuyatafuta mwenyewe, naye kwa kawaida haifanyi.

Tofauti iko pia upande wa wahasibu. Msaada wa hisani na udhamini si kitu kimoja. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, misaada ya hisani inayotambulika hupunguza kipato kinachotozwa kodi, lakini kwa kikomo cha asilimia 2 ya kipato cha biashara. Gharama ya kujitangaza huhesabiwa kwa njia nyingine, kama matumizi ya kutafuta mapato. Kampuni ikilipia jina lake kuonekana kwenye bango, mhasibu atataka karatasi inayosema hivyo. Karatasi hiyo huanzia kwenye barua ya shule.

Tuchukue mfano wa kubuni: sekondari ya kutwa ya serikali mjini Morogoro, inayotaka kuonesha kazi 30 za wanafunzi kwa siku moja, Jumamosi. Vifaa vya majaribio, kwa shilingi 25,000 kila kazi, ni 750,000. Mabango ya kadibodi 30 kwa 12,000 ni 360,000. Maturubai, viti na spika ni 480,000. Chakula na nauli za waamuzi 6, kwa 35,000 kila mmoja, ni 210,000. Zawadi ni 600,000. Jumla ni shilingi 2,400,000. Shule na wazazi wanazo 700,000, kwa hiyo pengo ni 1,700,000.

Ile 700,000 iandikwe kwenye barua, isifichwe. Mfadhili anayeona kuwa wenyeji wametangulia kuweka fedha zao huamini kwamba maonesho yatafanyika hata akichelewa kujibu. Kinachomtia shaka ni bajeti ambayo nusu yake ni posho za kamati ya maandalizi.

Pengo lenyewe ligawanywe katika vipande vinavyonunulika. Shule yetu inatafuta mdhamini mkuu mmoja wa shilingi 1,000,000 na wadhamini wenza wawili wa 350,000 kila mmoja. Sasa duka kubwa la pampu za maji na paneli za sola lina pa kuingilia, na kiwanda kidogo cha rangi nacho kina pake.

Barua kwa mwenye duka la pampu inaanza kama barua zote za kikazi: anwani ya shule, kumbukumbu namba, tarehe, cheo na anwani ya anayeandikiwa, kisha kichwa, "Yah: Ombi la udhamini mkuu wa maonesho ya sayansi". Aya ya kwanza inataja siku, mahali, idadi ya kazi na idadi ya watu wanaotarajiwa. Aya ya pili inaeleza kwa nini kampuni hii na si nyingine: kati ya kazi 30, saba zinahusu maji na umwagiliaji. Aya ya tatu ndiyo yenye uzito, nayo inaweza kusomeka hivi:

"Kwa udhamini wa shilingi 1,000,000, kampuni yako itapata yafuatayo: nembo kwenye bango la lango kuu kwa siku 14 na kwenye vyeti vyote, meza moja uwanjani ya kuonesha bidhaa, dakika tano za kuzungumza wakati wa ufunguzi, na tuzo ya kazi bora ya maji itakayobeba jina la kampuni. Ndani ya siku 14 baada ya maonesho tutawasilisha taarifa yenye picha, idadi ya waliohudhuria na nakala za risiti."

Kila kipengele hapo kinaweza kuhesabiwa, na mkuu wa shule anaweza kukitimiza bila kumwomba mtu mwingine. Ahadi ya "kutangazwa redioni" haina nafasi kama shule haijazungumza na redio.

Tuzo yenye jina ndiyo faida inayoishi muda mrefu kuliko bango. Katika maonesho ya kitaifa ya Young Scientists Tanzania, yaliyofanyika mara ya kwanza mwaka 2012, taasisi ya Karimjee Jivanjee imewafadhili washindi kusoma chuo kikuu, na jina lake hutajwa kila mshindi anapotajwa. Maonesho hayo yalichota mfano wake Ireland, ambako yale ya vijana wanasayansi yalianza mwaka 1965 yakidhaminiwa na shirika la ndege la Aer Lingus. Baadaye kampuni ya simu ya BT ilipochukua udhamini, maonesho yenyewe yakabeba jina lake.

Yapo mambo ambayo shule haipaswi kuyauza. La kwanza ni uamuzi wa nani ashinde. Mdhamini anaweza kukabidhi tuzo ya maji, lakini alama hutolewa na waamuzi wasio na biashara naye. La pili ni sura za wanafunzi. Picha ya jumla ndani ya taarifa ni jambo moja, lakini mtoto kwenye kalenda ya kampuni ni jambo jingine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai ridhaa. Fomu ya mzazi iandaliwe kabla, na anayekataa aheshimiwe. La tatu ni upekee: ukimwahidi muuza pampu kuwa hakutakuwa na mwingine wa biashara yake, huwezi kumpokea mshindani wake wiki inayofuata. Kampuni za bia na sigara zisiandikiwe kabisa.

Mwisho wa barua unataja akaunti ya benki yenye jina la shule, kamwe si namba ya simu ya mwalimu. Mkuu wa shule anasaini na kugonga mhuri, na nakala inakwenda kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Iongezwe sentensi moja kwamba vifaa navyo vinapokelewa kwa thamani yake. Kiwanda cha rangi kisicho na fedha taslimu kinaweza kutoa rangi na mbao za kuoneshea kazi, na shule ikapunguza bajeti yake kwa kiasi hicho.

Miezi mitatu kabla ya maonesho ndio muda salama wa kupeleka barua, kwa sababu tawi mara nyingi hulazimika kusubiri kibali cha makao makuu. Anayeipeleka asainishe nakala mapokezi, aulize jina la ofisa atakayeishughulikia, na apige simu baada ya wiki moja. Kampuni ikikubali, yale ya aya ya tatu yahamishiwe kwenye makubaliano ya ukurasa mmoja yenye saini mbili. Ikikataa, mkuu wa shule aulize bajeti ya mwaka ujao hupangwa mwezi gani, autie mwezi huo kwenye kalenda ya shule, na safari hiyo barua iende na taarifa ya maonesho ya mwaka huu.