Uso Uliotulia Mbele ya Mgonjwa: Kichwa, Nyusi na Macho

Wagonjwa wengi hutoka katika chumba cha daktari wakisema kwamba mhudumu alikuwa amenuna, ilhali mhudumu mwenyewe anaapa kuwa hakuwa na hasira hata chembe. Mara nyingi wote wawili husema kweli. Uso wa binadamu unaweza kuonyesha ukali ambao moyo haukuukusudia, na chanzo chake huwa namna kichwa kilivyokaa juu ya shingo.

Mwaka 2019, watafiti Zachary Witkower na Jessica Tracy wa Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Kanada, walichapisha matokeo ya majaribio juu ya jambo hili. Waliwaonyesha watu picha za nyuso zisizo na hisia yoyote, nyingine kichwa kikiwa sawasawa, nyingine kikiwa kimeinamishwa kidogo huku macho yakiendelea kumtazama mtazamaji. Nyuso zilizoinamishwa zilionekana kuwa za watu wakali na wenye kutaka kutawala, ingawa hakuna msuli wa uso uliokuwa umekazwa. Sababu ilikuwa nyusi. Kichwa kinapoinama, nyusi hushuka karibu na macho, na kwa anayetazama kutoka mbele, ncha zake za ndani huonekana zimeteremka kuelekea puani, mfano wa herufi V. Umbo hilo ndilo hilo hilo linaloonekana mtu anapokunja ndita kwa hasira. Hata picha ilipoonyesha sehemu ya macho na nyusi pekee, athari haikutoweka. Kwa mhudumu anayevaa barakoa, basi, tatizo hilo halifichiki. Macho na nyusi ndivyo pekee vilivyobaki vya kusomwa.

Tuchukue mfano wa tabibu mmoja wa zahanati, mama wa miaka arobaini na saba. Meza yake ni fupi, na kompyuta mpakato imelazwa juu yake. Macho yake, kama ya watu wengi waliopita miaka arobaini, yamepungukiwa uwezo wa kuona vitu vya karibu, kwa hiyo amevaa miwani ya kusomea na kuishusha hadi katikati ya pua. Mgonjwa anapoingia na kuamkia, tabibu huitikia bila kuinua kichwa. Huinua macho tu, na kumtazama mgonjwa kupitia juu ya miwani. Kwa mkao huo, kidevu kiko chini, nyusi zimeteremka, na weupe wa jicho unaonekana chini ya mboni. Bibi aliyekuja na shinikizo la damu, ambaye kwa wiki mbili hakumeza dawa kwa kuwa zilimwishia, akiona sura hiyo anaamua kusema, "Nazimeza, daktari." Kipimo kinasoma juu, na tabibu anaongeza dozi ya dawa ambazo mgonjwa hazinywi. Siku bibi huyo atakapoanza kuzimeza zote kwa pamoja, shinikizo linaweza kushuka kupita kiasi, akapata kizunguzungu na kuanguka.

Kumwambia tabibu huyu atabasamu zaidi hakutamsaidia sana. Duchenne, tabibu wa Kifaransa aliyechunguza misuli ya uso kwa umeme na kuchapisha kazi yake mwaka 1862, alionyesha kwamba tabasamu la furaha ya kweli hutumia misuli miwili: ule unaovuta kona za mdomo juu, na ule unaozunguka jicho. Wa kwanza hutii amri ya mtu kwa urahisi. Wa pili ni mgumu kuamrishwa. Tabasamu la mdomo pekee, chini ya nyusi zilizoteremka, huweza kuonekana kama dhihaka, na mbele ya mtu anayeeleza maumivu yake halina mahali pake.

Kinachofaa ni kurekebisha samani kwanza. Kompyuta iinuliwe kwa vitabu au kisanduku, ili kusoma kusidai kuinamisha kichwa chote. Kiti cha mgonjwa kihamishwe kutoka upande wa pili wa meza hadi kwenye kona yake, na kilingane kimo na kiti cha tabibu. Anayetazama kutoka juu hulazimika kuinama. Miwani ya kusomea ivuliwe wakati wa mazungumzo, au ibadilishwe kwa ile yenye sehemu ya juu ya kuonea mbali. Asiye na miwani kabisa, lakini akahisi ndita zinakaza kila anaposoma, apimwe macho, kwa maana pengine anakunja uso kwa sababu haoni vizuri.

Baada ya hapo ndipo mwili unapoweza kutulia. Mgongo huegemezwa kitini, mabega huachwa yashuke, na kidevu hukaa sambamba na sakafu. Kisipandishwe zaidi ya hapo, kwani kidevu kilichoinuliwa husomwa kuwa majivuno. Midomo hugusana bila kubanwa, na meno ya juu na ya chini huachana kidogo, kiasi cha milimita mbili hadi nne, ambao ndio mkao wa kawaida wa taya lililopumzika. Anayeuma meno bila kujua atahisi msuli mgumu akiweka vidole mbele ya sikio, juu ya pembe ya taya.

Kuhusu macho, watafiti wa London waliowapima watu wapatao mia tano mwaka 2016 walikuta kwamba muda wa kutazamwa unaoridhisha wengi ni wastani wa sekunde tatu hivi, kisha macho yahame. Si lazima mtu ahesabu. Inatosha kumtazama mgonjwa wakati anaanza kusema, kuyahamishia macho mikononi mwake au mahali anapoonyesha panauma, na kurudi usoni pake kabla hajamaliza. Ikiwa ni lazima kuandika, asema, "Naandika ulichonieleza," kisha ainamishe kichwa na macho pamoja. Anayeinamia karatasi kwa kichwa na macho huonekana anafanya kazi. Anayebakiza macho juu ndiye anayetisha. Kwa upande wake, kijana anayeangalia chini mbele ya mtu mzima huenda anatoa heshima kama alivyolelewa, na mhudumu asimhesabu kuwa anaficha jambo.

Njia rahisi ya kujua kama marekebisho yamefaa ni picha. Mwenzake aketi katika kiti cha mgonjwa na kumpiga picha tatu kwa simu: akisoma, akiinua macho tu, na akiinua kichwa. Picha ya pili na ya tatu zikiwekwa pamoja, umbali kati ya nyusi na kope hutofautiana waziwazi. Kioo hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa mtu akijiona kiooni hupanga uso mara moja.

Kuna pia nyuso ambazo mkao hauzibadilishi. Ugonjwa wa Parkinson hupunguza mwendo wa misuli ya uso na kupepesa kwa kope, hata mgonjwa mchangamfu akaonekana hajali au amenuna. Aliyepooza neva ya saba hutabasamu upande mmoja. Huzuni ya muda mrefu nayo huweza kuuzima uso. Mtu ambaye sura yake imebadilika ndani ya miezi michache, na jamaa zake wakaona kuwa hacheki tena kama zamani, au mwandiko wake umekuwa mdogo na mkono mmoja haupungi anapotembea, anahitaji kuchunguzwa. Na iwapo upande mmoja wa uso umeanguka ghafla, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa huenda ni kiharusi.