Kutoka scanf hadi malloc: miezi miwili ya kujifunza C peke yako

Katika siku za mwanzo za kujifunza lugha ya C, kila mwanafunzi huandika mstari huu:

```c
scanf("%d", &umri);
```

Kitabu kinamwambia aweke `&` mbele ya umri. Anaiweka, programu inafanya kazi, naye anaendelea bila kuuliza. Mwezi mmoja baadaye anafika kwenye vielekezi, ambavyo mafundi huviita pointa, na hapo anakwama. Kwa maoni yangu hakwamishwi na ugumu wa vielekezi. Amevifikia kabla hajajua kinachotokea funksheni inapoitwa.

Kwa hiyo mpango wangu wa wiki 8, saa moja na nusu kwa siku, unaanza haraka na kupunguza mwendo katikati. Wiki 2 za kwanza zinatosha kwa aina za data, `if` na vitanzi vya `for` na `while`. Usisome tu, kila siku andika programu fupi, kama ya kujumlisha bei au kutafuta namba kubwa kati ya kumi.

Wiki ya 3 ni ya funksheni peke yake. Andika funksheni ya kubadilishana thamani za namba mbili, bila kielekezi chochote. Ipe x yenye 3 na y yenye 7. Ukirudi kwenye `main`, x bado ni 3 na y bado ni 7. Chukua karatasi, chora visanduku viwili vya `main`, kisha pembeni chora vingine viwili vya funksheni. C hunakili thamani kutoka visanduku vya kwanza kwenda vya pili. Funksheni ilibadilisha nakala zake, na ilipomaliza nakala hizo zikatoweka. Usiondoke kwenye zoezi hili mpaka uweze kulichora bila kutazama kitabu.

Wiki ya 4 jifunze safu na maandishi, na ya 5 urudie zoezi lile lile hivi:

```c
void badilishana(int *a, int *b) {
    int t = *a;
    *a = *b;
    *b = t;
}
```

Sasa unaiita kwa `badilishana(&x, &y)`. Bado C inanakili, ila safari hii inachonakili ni anwani za visanduku. Nyota ndani ya funksheni inasema: nenda kwenye anwani hii, ushike kilichomo. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini `scanf` ilitaka `&`: bila anwani, isingejua mahali pa kuweka umri uliochapwa. Wiki ya 6 kaa hapo hapo, ukipita juu ya safu kwa vielekezi huku ukichora kila hatua.

Wiki ya 7 unaanza kuomba kumbukumbu kwa `malloc` na kuirudisha kwa `free`. Hatari yake ni kwamba kosa linaweza kukaa kimya. Tazama mistari hii:

```c
char *jina = malloc(5);
strcpy(jina, "Amina");
```

Amina ni herufi 5, lakini C huongeza baiti moja ya sifuri kuonyesha mwisho wa neno, kwa hiyo zinahitajika 6. Baiti ya sita imeandikwa nje ya eneo ulilopewa. Programu inaweza kufanya kazi vizuri leo, kisha ikaanguka siku nyingine mahali pasipohusiana kabisa na mistari hii. Ndiyo maana usitegemee macho yako. Kwenye Linux, au WSL ndani ya Windows, tengeneza programu kwa amri hii:

```
gcc -g -Wall -Wextra -fsanitize=address jina.c -o jina
```

Ukiiendesha, itasimama na kuandika `heap-buffer-overflow`, pamoja na namba ya mstari wenye kosa. Soma ripoti hiyo kuanzia juu, kwa sababu kosa lenyewe hutajwa mwanzoni. Chombo hicho hicho hukamata kumbukumbu iliyotumika baada ya `free`, na kwa kawaida kwenye Linux hutaja pia ile uliyosahau kuirudisha. Kina mpaka wake, lakini: hukagua njia ambazo programu imepitia tu. Tawi la `if` ambalo hukulijaribu halijakaguliwa.

Wiki ya 8 funga kitabu uandike programu moja: orodha ya majina inayokua. Anza na nafasi 4, na zikijaa, ziongeze maradufu kwa `realloc`. Kumbuka kwamba `realloc` inaweza kuhamishia orodha kwenye anwani mpya, hivyo kielekezi chochote ulichohifadhi kuelekea ndani ya orodha ya zamani usikitumie tena. Ingiza majina 100, futa machache, kisha rudisha kumbukumbu yote. Programu ikimaliza bila ripoti hata moja, na ukaweza kumchorea mwenzako anwani zilivyokwenda, uko tayari kuanza orodha zilizounganishwa. Ripoti ikitokea, rudi kwenye karatasi kabla ya kugusa msimbo.